Tovuti Kuukuu: Tubomoe au Tuzibe Ufa?

Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyasoma redioni juma lililopita, na kwa kuwa wengi waliomba wayapate kwa maandishi, leo nayaleta gazetini karibu kama yalivyokuwa.

Miezi michache iliyopita kamati ya chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Dar es Salaam, ilikutana kwa ajenda moja tu: tovuti. Chama kina wanachama mia nane na ushee, na tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2013. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni iliyotaka shilingi milioni 7 ili iibomoe tovuti yote na kujenga mpya. Ya pili, iliyoandikwa kwa mkono, ilitoka kwa kijana mmoja fundi, aliyesema kwamba akipewa shilingi laki 9 ataiponya hii iliyopo.

Mwenyekiti wetu ni mzee mstaafu, mtu wa maneno machache. Alizisoma karatasi zote mbili, akavua miwani, akanigeukia. "Mwanahabari, mambo haya wewe unayazungumza redioni kila juma. Tubomoe au tukarabati?"

Sikumjibu. Niliomba majuma matatu. Niliogopa kujibu papo kwa papo kwa sababu swali kama hilo niliwahi kulijibu kwa haraka, na fedheha yake sijaisahau.

Ilikuwa mwaka 2016, katika stesheni niliyokuwa nikifanyia kazi wakati ule. Tovuti ya stesheni ilikuwa imechakaa: rangi zimepauka, picha zinapishana na maandishi, na kwenye simu ilikuwa haisomeki. Nami nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele tupate mpya. Tukapata. Tulikata keki siku ya uzinduzi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda chenyewe kilianza kuuma wiki ya pili. Mwalimu mmoja wa mkoani alipiga simu akisema wanafunzi wake wanasikiliza vipindi vyetu vya kilimo, na anwani za vipindi hivyo amewaandikia daftarini. Sasa kila anwani wanayofungua inawaletea tarakimu 404, yaani ukurasa haupo. Baada yake wakaja wengine. Waliotutafuta kupitia mitambo ya utafutaji waliletwa kwenye milango iliyozibwa. Mwezi ulipokwisha, wageni wetu walikuwa wamepungua karibu nusu.

Vipindi vyenyewe tulikuwa navyo, ila tulivihamishia kwenye anwani mpya bila kuacha alama yoyote kwenye zile za zamani. Tena diski ya zamani ilikwisha kufutwa, kwa hiyo hata orodha ya anwani hizo hatukuwa nayo. Baadhi tuliziokota kwenye hazina ya web.archive.org, ambayo huhifadhi nakala za kurasa za tovuti za dunia nzima. Nyingine zilipotea moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo, safari hii nilimwomba yule kijana fundi akae nami, na tukakubaliana kwamba hatutazungumza habari ya sura ya tovuti mpaka tumalize kazi nyingine tatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyatenga maradhi. Mtu akisema tovuti imezeeka, huwa amechanganya mambo ya aina tatu katika neno moja. Tuchukulie mfano wa nyumba. Kuna maradhi ya rangi, kuna maradhi ya paa, na kuna maradhi ya msingi.

Maradhi ya rangi ni yale yanayoudhi macho tu: herufi za mtindo wa kale, nembo iliyofifia, rangi zisizopatana. Haya ndiyo yanayosemwa sana kwenye vikao, na ndiyo yenye madhara madogo kuliko yote.

Maradhi ya paa ni yale yanayomnyeshea mgeni. Tovuti yetu ilipangwa kwa upana wa kioo cha kompyuta ya mezani, hivyo mwenye simu alilazimika kuivuta kulia na kushoto ili asome mstari mmoja. Ukurasa wa mbele ulikuwa na uzito wa megabaiti 5, kwa sababu picha za mkutano mkuu zilipandishwa kama zilivyotoka kwenye kamera. Mwanachama mwenye kifurushi kidogo alikuwa analipa kwa fedha yake ili aone picha za viongozi wakipeana mikono. Tena tovuti haikuwa na kufuli la usalama, lile linaloifanya anwani ianze na https. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome kimekuwa kikiionya kila tovuti isiyo na kufuli hilo kuwa si salama. Chama cha fedha kikionywa hivyo, mwanachama ana haki ya kuogopa.

Maradhi ya msingi ni yale yasiyoonekana kabisa. Tovuti yetu imejengwa juu ya WordPress, na WordPress hutumia lugha ya kompyuta iitwayo PHP. Kwenye seva yetu ilikuwepo PHP toleo la 5.6, ambalo waundaji wake waliacha kulitolea viraka vya usalama mwisho wa mwaka 2018. Maana yake ni kwamba tundu lolote litakalogunduliwa humo halitazibwa na wenyewe, na wezi wa mitandao wanalijua hilo. Nyumba ilikuwa inapendeza au inachukiza, lakini mlango wa nyuma haukuwa na komeo.

Tulipokwisha kuyatenga, jambo moja lilidhihirika. Ile karatasi ya milioni 7 ilieleza kwa kirefu habari za rangi, kidogo habari za paa, na msingi haukutajwa. Karatasi ya laki 9 nayo ilitaja paa tu. Kila mmoja alitaka kutibu alichokiona.

Kazi ya pili ilikuwa kujua nani anakuja na anafuata nini. Watu wengi hukisia. Lakini kila seva huandika daftari, kama mlinzi wa getini anavyoandika kila gari linaloingia. Kila ombi lina mstari wake: saa, ukurasa ulioombwa, na tarakimu ya jibu alilopewa mgeni. Tarakimu 200 maana yake amepewa alichotaka, na 404 ndiyo ile isemayo hakuna. Tulichukua madaftari ya miezi mitatu. Kwanza tuliwaondoa wageni wasio watu, yaani mashine za mitambo ya utafutaji zinazopita kusoma kurasa zote mchana na usiku. Usipoziondoa hizo, utadhani una umati wa wasomaji kumbe ni roboti wanne wanaozunguka.

Tovuti ilikuwa na kurasa 214. Kurasa 9 tu ndizo zilizochukua sehemu kubwa kabisa ya maombi yote: fomu ya mkopo, viwango vya riba, jedwali la marejesho, masharti ya kujiunga, namba za simu za ofisi na nyingine chache za namna hiyo. Ukurasa wa "Ujumbe wa Mwenyekiti", ambao kampuni ile ilipendekeza uwekwe juu kabisa na picha kubwa, ulifunguliwa mara 14 kwa miezi mitatu. Nilipomwambia mwenyekiti, alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumi na mbili kati ya hizo ni mimi," alisema.

Hesabu hiyo inaridhisha, lakini ina mtego. Ukihesabu waliopewa walichotaka, hutawaona waliokosa. Kwa hiyo tulirudi kwenye daftari tukatafuta mistari ya 404 peke yake. Hapo ndipo tulipokuta jambo lililobadilisha kazi yote. Anwani moja ilikuwa imeombwa mara 37, na kila mara jibu likawa hakuna. Anwani yenyewe ilikuwa `/fomu/mrithi.pdf`.

Fomu ya mrithi ndiyo karatasi anayojaza mke, mume au mtoto wa mwanachama aliyefariki, ili apate akiba ya marehemu. Tulimuuliza mama mhazini, naye alikumbuka kwamba mwaka 2019 kijana wa mafunzo ya kazi alipewa kazi ya kusafisha tovuti, akafuta mafaili aliyoyaona hayana maana. Hakuna aliyemwambia kwamba anwani ya fomu hiyo imechapishwa kwenye jalada la nyuma la kitabu cha kila mwanachama.

"Ndiyo maana wanakuja mpaka dirishani," mama mhazini akasema taratibu. "Juzi tu alikuja mjane kutoka Kibaha, mtoto mgongoni. Alifuata karatasi moja tu. Nikampa, akarudi kuitafutia muhuri wa serikali ya mtaa, akaja tena. Safari mbili. Kumbe angeichapisha hukohuko akaja mara moja."

Ndugu msomaji, miaka yote hiyo hakuna mwanakamati aliyelalamika kuhusu fomu hiyo, kwa sababu mwanakamati haitafuti. Malalamiko yaliyofika kikaoni yalikuwa ya rangi na nembo. Ndiyo maana nasema usiamue jambo hili kwa macho ya kamati. Soma daftari la waliopewa, kisha lisome tena kwa ajili ya waliokosa, halafu nenda kwa anayekaa dirishani umuulize watu wanakuja kuulizia nini ambacho wangepaswa kukipata bila kuja.

Kazi ya tatu ilikuwa jaribio, na hili ndilo linaloamua kati ya kubomoa na kukarabati. Fundi alichukua nakala ya tovuti nzima. Nakala kamili ina vitu viwili: mafaili yote, na ghala la maandishi linaloitwa hifadhidata. Ukichukua kimoja ukaacha kingine huna nakala, una nusu nyumba. Aliiweka nakala hiyo mahali pa pembeni penye neno la siri, ambapo mwanachama hawezi kuingia. Hapo akapandisha matoleo: PHP mpya, WordPress mpya. Kisha tukakaa kutazama nini kitavunjika.

Vilivunjika vitu viwili. Cha kwanza ni kile tunachoweza kukiita vazi la tovuti, yaani mpangilio wa sura yake, ulioandikwa na fundi wa mwaka 2013 kwa namna ambayo PHP mpya haikubali tena. Cha pili ni maonyesho ya picha yaliyotengenezwa kwa Flash. Na hayo kwa hakika yalikwisha kufa siku nyingi, kwa sababu Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari vikaitoa. Lakini kurasa zote 214 zilifika salama, na anwani zake zilezile, na fomu, na majedwali.

Jaribio hilo lilichukua siku mbili tu, nalo lilitupa jibu. Msingi ulikuwa unarekebishika, na mali iliyomo ndani ilikuwa nzima. Kilichokufa ni vazi. Mtu ambaye shati lake limechanika hahitaji kuzaliwa upya.

Naomba nisieleweke vibaya. Ipo siku ambayo kubomoa ndiyo haki, na dalili zake zinajulikana. Ukifanya jaribio kama letu ukakuta maandishi yenyewe hayatoki, kwa mfano yote yamechorwa ndani ya picha au ndani ya Flash, huna cha kukarabati. Itabidi uyaandike upya. Ukikuta tovuti imevamiwa, wezi wamepanda mambo yao ndani ya mafaili, na huna nakala safi ya siku za kabla ya uvamizi, ni salama zaidi kuanza kiwanja kipya na kuhamishia maandishi tu baada ya kuyakagua. Na kama kazi ambayo watu wanaitaka imebadilika kabisa, tuseme wanachama wanataka kulipa marejesho papo hapo wakati tovuti ilijengwa kuwa ubao wa matangazo, basi viraka havitatosha. Nje ya hayo, mtu akikuambia ubomoe, mwambie akuonyeshe ni kitu gani kilivunjika katika jaribio.

Kubomoa kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya bei, nayo ni muda. Dunia ya kompyuta ina kisa chake mashuhuri. Kampuni ya Netscape ilikuwa na kivinjari kilichotamba miaka ya 1990, na toleo lake la 4 lilitoka mwaka 1997. Mwaka 1998 wahusika waliamua kuachana na kazi ya zamani, waandike upya kutoka mwanzo. Toleo la 5 halikutoka kamwe. Toleo la 6 lilitoka Novemba 2000, na katika miaka hiyo mitatu ya kusubiri, kivinjari cha Microsoft kilikuwa kimekwisha kuchukua soko. Kwa haki, niseme pia kwamba kutokana na kazi ile mpya ndipo baadaye, mwaka 2004, kilipozaliwa Firefox ambacho watu wanakitumia hadi leo. Kwa hiyo kazi haikupotea. Aliyepotea ni mwenye duka, ambaye wateja wake hawakuweza kumsubiri.

Baada ya jaribio ndipo tulipokaa kugawa kurasa zile 214 katika mafungu. Nilidhani itakuwa kazi rahisi. Ilikuwa ndiyo ngumu kuliko zote, maana kila ukurasa una mtu anayeupenda.

Tulijiwekea maswali matatu. Nani anautafuta? Je, habari hiyo ipo mahali pengine? Na je, kuna kanuni inayotudai tuitunze? Ukurasa uliojibiwa vizuri kwa swali hata moja ulibaki. Kwa mfano, mihtasari ya mikutano mikuu ya miaka ya nyuma haisomwi na mtu, lakini ni kumbukumbu ya chama na haipo mahali pengine kwa wepesi huo. Tuliiondoa kwenye ukurasa wa mbele tukaiweka kwenye sehemu ya kumbukumbu, palepale kwenye anwani zake.

Walioondoka bila huruma ni kihesabu cha wageni kilichokwama kwenye namba ileile tangu sijui lini, ukurasa wa kukaribisha ambao kazi yake ilikuwa kukutaka ubonyeze ili uingie, maonyesho ya Flash, na kurasa 61 za "Habari Mpya" za mwaka 2014 na 2015 ambazo hazikuwa na jingine ila salamu za sikukuu na matangazo ya vikao vilivyokwisha kufanyika.

Fungu la tatu ndilo la hatari, na ndilo linalosahauliwa: kurasa zinazosema uongo kwa sababu ya umri. Tulikuwa na ukurasa wa viwango vya riba wa mwaka 2015, ambao haukuwa na kiungo popote kwenye tovuti, lakini mitambo ya utafutaji ilikuwa bado inauleta mbele ya ule wa sasa. Mama mhazini alikumbuka mwanachama aliyekuja dirishani na karatasi ameichapisha, akidai anatozwa riba isiyo halali. Mzee wa watu hakuwa mkorofi. Alikuwa amesoma tovuti yetu. Ukurasa wa namna hiyo usiuache, wala usiufute kimyakimya. Mpeleke msomaji wake kwenye ukurasa wa viwango vya sasa.

Namna ya kumpeleka ndiyo hii niliyoikosa mwaka 2016. Ofisi ikihama, mtu mwenye busara huacha kibao kwenye mlango wa zamani: tumehamia mtaa fulani. Seva nayo ina kibao hicho, na tarakimu yake ni 301, maana yake umehama moja kwa moja. Mgeni akiomba anwani ya zamani, kivinjari hupelekwa kwenye mpya bila yeye kubonyeza kitu, na mitambo ya utafutaji husahihisha madaftari yake. Kwenye seva ya aina ya Apache, kama yetu, kibao kimoja ni mstari mmoja katika faili liitwalo `.htaccess`. Redioni sikuweza kuusoma, lakini gazetini unachapika:

```
Redirect 301 /fomu/mrithi.pdf /fomu/fomu-ya-mrithi/
```

Anwani ya kwanza ni ile iliyokufa, ya pili ni mahali ilipo fomu sasa. Tuliandika vibao 23 tu, kwa sababu anwani nyingi hatukuzigusa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kukarabati: ukurasa usiohama hauhitaji kibao.

Kuna kosa moja ambalo mafundi wengi hulifanya hapa. Kwa uvivu wa kuandika vibao kimoja kimoja, huelekeza anwani zote zilizokufa kwenye ukurasa wa mbele. Mgeni aliyetafuta fomu ya mrithi anajikuta sebuleni, anatazama picha za viongozi, hajui kama fomu ipo au haipo. Afadhali aambiwe wazi kwamba hakuna, apewe na namba ya simu ya ofisi. Ukurasa wetu wa 404 sasa unasema hivyo, kwa Kiswahili, na namba iko hapohapo.

Kazi yenyewe ilichukua majuma matano. Vazi jipya hatukushona. Tulichukua lililo tayari, linalotunzwa na watu wengi, linalojipanga lenyewe kufuatana na upana wa simu. Kufuli la usalama lilipatikana bila malipo kutoka Let's Encrypt, shirika linaloyatoa bure. Picha zilipunguzwa upana mpaka pikseli 1200, na ukurasa wa mbele ukashuka kutoka megabaiti 5 hadi chini ya megabaiti 1. Mabadiliko yaliwashwa usiku wa Jumamosi, nakala ya zamani ikiwa kando, ikiwa imejaribiwa kurudishwa mara moja kabla ya hapo. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha si nakala, ni matumaini. Gharama yote ilifika shilingi milioni 1 na laki 3. Ilizidi laki 9 za fundi kwa sababu msingi haukuwemo kwenye hesabu yake ya kwanza, na alikiri hivyo mbele ya kamati.

Mapungufu yapo. Nembo ni ileile iliyofifia, na vijana wa chama wanalalamika kwamba tovuti haivutii kama za mabenki. Wana haki, na mwakani tutatafuta mchoraji. Rangi inaweza kungoja mwaka, na mlango usio na komeo hauwezi. Tena matengenezo hayakwisha siku ile. Matoleo mapya yatatoka, na mtu lazima apangiwe siku katika kila mwezi ya kuyapandisha na kulisoma daftari la 404. Tovuti yetu ilifikia hali ile kwa sababu tangu mwaka 2013 hakuna aliyepangiwa siku hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi tulikuwa tumebakiza kidogo tu tujenge ukuta kwa milioni 7.

Mwezi mmoja baada ya kuwasha, nilikwenda ofisini na fundi tukalifungua daftari. Mistari ya 404 ilikuwa imebaki michache, mingi ikiwa ni ya wezi wanaobahatisha milango. Tulitafuta `/fomu/mrithi.pdf`. Ilikuwa imeombwa mara 9, na mara zote 9 jibu lilikuwa 301, na mstari unaofuata ulikuwa 200.

Mama mhazini aliuliza tarakimu hizo zina maana gani. Fundi akamwambia, "Maana yake, mama, wameomba fomu na wameipata."

"Na ndiyo maana," akasema, "mwezi huu dirishani hajaja mtu kuiulizia. Wamekuja na karatasi zimekwisha jazwa."

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.